Jinsi ya kupata bei ya biashara ndogo kabla ya kuiuza au kumwingiza mbia

Mwenye duka la vipuri vya pikipiki anataka kuuza, na asipopata mnunuzi yuko tayari kumwingiza mbia. Amepiga hesabu yake mwenyewe. Kompyuta inamwonyesha mzigo wa milioni 36. Rafu, kompyuta hiyo na pikipiki ya kupelekea bidhaa alivinunua kwa milioni 6. Jina alilolijenga kwa miaka mingi analiwekea milioni 8. Jumla ni milioni 50, na hiyo ndiyo bei anayoitaja kwa kila anayeuliza.

Nitaenda na duka hili hadi mwisho wa mwongozo. Tarakimu zake ni za mfano, na sarafu weka yako. Tutafika kwenye bei iliyo chini ya nusu ya hiyo milioni 50, na ni muhimu uone kila senti imeondoka wapi, kwa sababu makosa yaliyomo kwenye hesabu ya mtu huyu ndiyo yanayoua mauzo mengi ya biashara ndogo. Muuzaji anaona anadhulumiwa, mnunuzi anaona anaibiwa, na wote wawili hawana karatasi ya kuonyeshana.

Anayenunua biashara analipia pesa itakayobaki mkononi mwake kila mwaka baada ya kila aliyefanya kazi kulipwa. Mzigo na vifaa vina thamani kwake kwa sababu ndivyo vinavyozalisha pesa hiyo, na kwa sababu mambo yakiharibika ndivyo atakavyouza ili arudishe chochote. Kwa hiyo unapiga hesabu mbili, moja ya faida na nyingine ya mali, kisha unaziweka pamoja uone zinasema nini.

Hatua ya 1: Hesabu mzigo kwanza

Wengi huanza na faida. Mimi nakushauri uanze na mzigo, kwa sababu mzigo ukihesabiwa vibaya, faida nayo inakuwa ya uongo. Utaona jinsi inavyotokea.

Kosa la kwanza la mwenye duka letu ni kwamba ile milioni 36 ni bei ya kuuzia. Kati ya kila 100 anayouza, 75 ni gharama ya kununulia na 25 ni faida ghafi. Kwa hiyo mzigo wa milioni 36 kwa bei ya kuuzia ulimgharimu milioni 27. Ile milioni 9 iliyo juu ni faida ambayo bado haijapatikana. Itapatikana siku bidhaa zitakapouzwa, na atakayezitafutia wateja na kulipa pango ni mnunuzi. Haiwezekani ailipie kabla hajaifanyia kazi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila kilichogharimu milioni 27 bado kina thamani ya milioni 27. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayohusu mzigo, IAS 2, inataka bidhaa iandikwe kwa kile kilicho kidogo kati ya gharama yake na kiasi kitakachopatikana ikiuzwa, baada ya kutoa gharama za kuiuza. Kwa duka dogo, njia rahisi ya kuifuata kanuni hiyo ni kuangalia tarehe ya mwisho ya kila bidhaa kuuzwa.

Funga duka siku moja. Watu wawili wahesabu, mmoja anataja na mwingine anaandika, na kila bidhaa iandikwe idadi yake, bei ya ankara ya mwisho ya kununulia, na tarehe ilipouzwa mara ya mwisho. Usiishie kuhesabu kutoka rafuni kwenda kwenye daftari. Chukua pia bidhaa kadhaa za bei kubwa zilizoandikwa daftarini, kisha uzitafute rafuni, maana njia hiyo ya pili ndiyo inayoonyesha kilichopotea. Fungua maboksi. Boksi lililopangwa vizuri juu kabisa linaweza kuwa tupu bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Msaidizi alitoa kipuri na kurudisha boksi mahali pake.

Uliza pia ni bidhaa zipi zimeletwa kwa mali kauli. Kama msambazaji ameziacha dukani na atalipwa zikishauzwa, basi ama ziondoe kwenye hesabu ya mzigo, ama ziache lakini deni lake liandikwe upande wa pili. Zikihesabiwa kama mali ya duka na deni lisionekane popote, mnunuzi atalipa mara mbili, kwanza kwa muuzaji, kisha kwa msambazaji atakayekuja kudai.

Duka letu lilipohesabiwa, ile milioni 27 ilijigawa hivi. Bidhaa zinazotoka kila mwezi, kama pedi za breki, plagi, minyororo na matairi, zilikuwa za milioni 17, nazo zinabaki kwa gharama yake kamili. Bidhaa zinazotoka polepole, ambazo akiba iliyopo ingetosha kwa mwaka mzima au zaidi, zilikuwa za milioni 5. Hizi zilipewa asilimia 60, yaani milioni 3. Mzigo uliolala, ambao haujauza hata kimoja kwa mwaka mzima, ulikuwa wa milioni 4. Wengi wake ni vipuri vya modeli ambazo hazipo tena barabarani. Huu ulipewa asilimia 15, yaani milioni 0.6. Milioni 1 iliyobaki ilikuwa kwenye kompyuta tu, dukani haikuwepo.

Mzigo unaofaa kulipiwa ni 17 + 3 + 0.6, yaani milioni 20.6.

Asilimia 60 na 15 si sheria. Ni makadirio, na mnaweza kuyabishania. Namna nzuri ya kumaliza ubishi ni kumpigia simu mfanyabiashara mwingine wa bidhaa hizohizo na kumuuliza angetoa ngapi kwa mzigo ule uliolala, wote kwa pamoja, leo. Muuzaji akiona kiasi hicho ni kidogo mno, njia ya haki ni abaki nao auze mwenyewe pole pole. Hakuna ugomvi hapo.

Hatua ya 2: Safisha faida

Sasa rudi kwenye faida ya mwaka uliopita. Mauzo yalikuwa milioni 144. Gharama ya bidhaa zilizouzwa hupatikana kwa kuchukua mzigo wa mwanzo wa mwaka, kuongeza ulionunuliwa, na kutoa uliobaki mwisho wa mwaka:

```
26 + 109 - 27 = 108
```

Faida ghafi ni 144 − 108, yaani milioni 36, robo ya mauzo. Matumizi yaliyoandikwa yalikuwa milioni 16.2: pango 4.8, mshahara wa msaidizi 4.2, usafirishaji 2.4, umeme na ulinzi 1.2, leseni 0.6, na "mengineyo" 3.0. Faida ya daftari ni milioni 19.8.

Angalia ile 27 iliyo kwenye hesabu ya juu. Tumeshaona kwamba milioni 1 kati yake haipo, na ilipotea ndani ya mwaka huo. Kwa hiyo mzigo uliobaki ni 26, gharama ya bidhaa ni 109, na faida inashuka kwa milioni 1. Ndiyo maana nilisema mzigo utangulie: kila kinachozidishwa kwenye mzigo wa mwisho wa mwaka kinaingia moja kwa moja kwenye faida, na baadaye faida hiyo itazidishwa ili kupata bei. Muuzaji anayetaka kudanganya hana haja ya kugusa mauzo. Anaongeza mzigo tu kwenye karatasi. Ule uliolala, kwa upande wake, haukubadilisha faida ya mwaka huu kwa sababu ulikuwa umelala hata mwaka ulipoanza, na hivyo umo pande zote mbili za hesabu.

Baada ya hapo unaipitisha faida kwenye swali moja: mgeni akichukua duka hili kesho na kuliendesha vilevile, ni matumizi gani hatayaona, na ni yapi atayaona ambayo leo hayajaandikwa?

Kwenye "mengineyo" kulikuwa na milioni 1.8 ya matumizi ya nyumbani yaliyolipiwa kutoka kwenye droo ya duka. Mnunuzi hatayarithi, kwa hiyo yanarudishwa kwenye faida. Kulikuwa na milioni 0.6 ya kutengeneza paa baada ya dhoruba, jambo lisilotokea kila mwaka, nayo inarudishwa. Mpaka hapo muuzaji anafurahi.

Yanayofuata yanaenda upande wa pili. Mwenye duka anafungua asubuhi na kufunga usiku, ananunua mzigo, anakopesha na kudai, lakini hajiandikii mshahara. Mtu wa kufanya kazi hiyo angelipwa milioni 8 kwa mwaka. Hicho ni kiasi cha kutoa. Hapa ndipo mvutano unapokuwa mkali kuliko sehemu nyingine yoyote, na nawaelewa wauzaji wanaochukia, kwa sababu wanaona jasho lao linafutwa. Lakini jasho lao ndilo wanaloondoka nalo. Mnunuzi akilipia faida ambayo ndani yake kuna mshahara wa mtu, basi amenunua ajira yake mwenyewe kwa bei ya biashara.

Chumba cha duka ni cha ndugu wa mwenye duka, na pango la milioni 4.8 ni la kindugu. Vyumba vya ukubwa huo jirani vinakodishwa kwa 7.2. Tofauti ya 2.4 inatolewa. Mwisho, vifaa vya milioni 6 vitachakaa kwa takriban miaka 5, na daftari halikuweka chochote kwa ajili ya uchakavu, tunatoa 1.2 kwa mwaka.

| | Milioni |
|---|---|
| Faida ya daftari | 19.8 |
| Mzigo uliopotea | −1.0 |
| Matumizi ya nyumbani | +1.8 |
| Kutengeneza paa | +0.6 |
| Mshahara wa msimamizi | −8.0 |
| Pango la kweli | −2.4 |
| Uchakavu wa vifaa | −1.2 |
| Faida iliyosafishwa | 9.6 |

Faida hii ni kabla ya kodi ya mapato na kabla ya riba ya mkopo. Iache hivyo kwa sasa. Mkopo una mahali pake mbele.

Mwaka mmoja hautoshi. Safisha miaka mitatu kwa namna hiyohiyo. Duka letu lilipata 7.2, kisha 9.0, kisha 9.6. Kwa kuwa mwaka wa karibuni unasema mengi zaidi kuhusu kesho, upe uzito wa 3, wa kati 2, na wa zamani 1:

```
(7.2 x 1 + 9.0 x 2 + 9.6 x 3) / 6 = 9.0
```

Faida ya kufanyia kazi ni milioni 9. Kama miaka ingekuwa inashuka badala ya kupanda, nisingetumia wastani kabisa. Ningetumia mwaka wa mwisho na kuuliza umeshuka kwa nini.

Je, mauzo yenyewe ni ya kweli? Usitegemee daftari peke yake. Chukua taarifa za benki na za pesa za simu za miezi 12, na ankara za manunuzi zilizotolewa na wasambazaji. Ankara ni ngumu kughushi kwa sababu nakala iko kwa mtu mwingine. Kisha chagua bidhaa 30 zinazotoka sana na uandike bei ya kununulia na ya kuuzia ya kila moja. Zikionyesha kwamba duka linabakiwa na 25 kwenye kila 100 ya mauzo, daftari linasema kweli. Zikionyesha 18 huku daftari linasema 25, kuna kitu: ama kuna manunuzi hayakuandikwa, ama mzigo wa mwisho wa mwaka umeongezwa, ama mauzo yamepambwa. Usiendelee na hatua inayofuata mpaka ujue ni kipi.

Hatua ya 3: Geuza faida kuwa bei

Biashara ndogo ya aina hii huthaminiwa kwa kuzidisha faida yake ya mwaka kwa mbili, mbili na nusu, au tatu. Watu huzitaja namba hizo kama zimeshuka kutoka mbinguni, lakini zina maana nyepesi. Kuzidisha kwa 2 maana yake mnunuzi anataka pesa yake imrudishie asilimia 50 kwa mwaka. Kwa 2.5 anataka asilimia 40. Kwa 3 anaridhika na 33. Anataka kiasi kikubwa namna hiyo kwa sababu hatari ni kubwa: duka dogo linaweza kufa kwa msimu mmoja mbaya, na hawezi kuliuza haraka kama anavyoweza kutoa pesa benki.

Kwa hiyo swali la kuzidisha kwa ngapi ni swali la hatari. Katika duka hili kuna mambo mawili yanayovuta chini. Mafundi wengi wanakuja kwa sababu ya kumjua mwenye duka, na mkataba wa pango haujaandikwa. Mawili yanavuta juu: faida imepanda miaka mitatu mfululizo, na kumbukumbu za mauzo zipo kwenye kompyuta. Ningekaa kwenye 2.5, kwa sharti kwamba mkataba wa pango wa miaka kadhaa usainiwe kabla ya pesa kutoka. Usiposainiwa, ningeshuka hadi 2, na hata hapo kwa shingo upande, maana ndugu wa muuzaji anaweza kumtoa mnunuzi mwezi unaofuata.

```
9.0 x 2.5 = 22.5
```

Milioni 22.5 ni thamani ya biashara nzima ikiwa inaendelea kufanya kazi, pamoja na mzigo wa kawaida, vifaa, fedha kidogo ya droo, wadaiwa wa kawaida na madeni ya kawaida ya wasambazaji. Mkopo wa benki haumo. Duka linadaiwa mkopo wa milioni 3, na kama mnunuzi atauchukua, bei inashuka hadi milioni 19.5. Kama muuzaji ataulipa mwenyewe kabla ya makabidhiano, bei inabaki 22.5. Matokeo kwa muuzaji ni yaleyale.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji atasema, "Sawa, 22.5 ya biashara, na mzigo juu." Hapana. Faida ya milioni 9 ilipatikana kwa sababu mzigo ulikuwepo. Ukiuondoa mzigo hakuna faida ya kuzidisha. Ukilipa 22.5 na kuongeza 20.6 ya mzigo, umenunua kitu kimoja mara mbili, na faida ya milioni 9 kwenye milioni 43.1 ni kama asilimia 21 tu.

Zipo biashara ambazo desturi yake ni kutaja bei "bila mzigo", na mzigo kulipwa kwa hesabu ya siku ya makabidhiano. Si vibaya, ila namba ya kuzidishia lazima iwe ndogo zaidi. Unaposikia mtu anasema biashara fulani imeuzwa kwa mara mbili ya faida, kabla ya kulinganisha na yako uliza mambo mawili: mzigo ulikuwa ndani au nje, na faida ilikuwa kabla au baada ya kutoa mshahara wa mwenyewe. Bila majibu hayo, namba hiyo haina maana yoyote kwako.

Hatua ya 4: Linganisha na mali

Hesabu ya mali ni fupi kwa kuwa kazi ngumu ya mzigo imeshafanyika. Mzigo ni 20.6. Vifaa vilinunuliwa kwa milioni 6, lakini vikiuzwa leo jinsi vilivyo vinaleta 3. Wadaiwa ni mafundi wanaodaiwa milioni 3.6, kati yake milioni 2 ni deni la chini ya miezi miwili, na 1.6 imepita nusu mwaka. Hesabu ile 2 tu. Ile 1.6 mwachie muuzaji aidai mwenyewe. Fedha za droo na benki ni 1.4. Jumla ni milioni 27.

Upande wa madeni, wasambazaji wanadai 6 na benki 3, jumla 9. Mali halisi ni 27 − 9, yaani milioni 18.

Thamani kwa faida ni 19.5 na thamani kwa mali ni 18. Tofauti ya 1.5 ndiyo thamani ya jina, wateja na mahali, ambayo mwenye duka aliiwekea 8. Ukitaka kuona kwa nini ni ndogo hivyo, jiulize: mali zinazofanya kazi dukani, ukitoa deni la wasambazaji, ni milioni 21. Kwa asilimia 40, zinapaswa kuzalisha 8.4. Duka linazalisha 9. Jina linaleta 0.6 tu kwa mwaka zaidi ya kile ambacho mali zenyewe zingetakiwa kuleta, na 0.6 mara 2.5 ni 1.5. Fikra hii ya kupima jina kwa faida ya ziada ina umri: Hazina ya Marekani iliiweka kwenye maandishi mwaka 1920, ilipotafuta namna ya kupima hasara ya jina kwa watengenezaji wa pombe waliofungiwa biashara na marufuku ya vileo.

Ingetokea hesabu ya faida itoe, tuseme, milioni 12 wakati mali ni 18, basi jina halina thamani na mwenye duka anajidhuru kwa kuuza kama biashara inayoendelea. Afadhali apunguze mzigo pole pole, akusanye madeni na kufunga. Lakini asitarajie kupata 18 kamili, kwa sababu mzigo unaouzwa kwa haraka hushuka sana chini ya gharama yake.

Hatua ya 5: Bei na siku ya makabidhiano

Kati ya kukubaliana na kukabidhiana hupita wiki kadhaa, na duka halisimami. Muuzaji ambaye ameshapata mnunuzi ana kishawishi cha kuacha kununua mzigo: anauza kilichopo, anaweka pesa mfukoni, na kukabidhi rafu zenye mapengo. Ndiyo maana mkataba usiandike bei peke yake. Uandike kwamba bei ya milioni 19.5 imekubaliwa kwa kuzingatia mzigo unaouzika wa milioni 20.6, deni la wasambazaji lisilozidi milioni 6, na mkopo wa milioni 3. Mzigo utahesabiwa upya na pande zote mbili usiku wa kuamkia makabidhiano, kwa kanuni zilezile za hatua ya kwanza.

Ukikutwa mzigo wa 18.1, bei inashuka kwa 2.5. Ukikutwa umezidi, bei inapanda, lakini weka ukomo, na kilichozidi kiwe ni bidhaa zinazotoka kila mwezi. Bila kifungu hicho, muuzaji anaweza kununua chochote cha bei rahisi ajaze rafu.

Sehemu ya bei, labda robo, ilipwe baada ya miezi 6. Ikijitokeza ankara ya zamani ambayo haikutajwa, inakatwa humo.

Hatua ya 6: Kama ni mbia badala ya mnunuzi

Tuseme hakuna mnunuzi, ila amepatikana mtu mwenye milioni 6.5 anayetaka kuingia ubia. Thamani ya duka tunaijua: 19.5. Watu wengi wangegawanya 6.5 kwa 19.5, wapate theluthi moja, na kupeana mikono. Hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi au kosa kubwa. Inategemea pesa inaingia wapi.

Ikiwa pesa inaingia mfukoni mwa mwenye duka, yaani anauza sehemu ya umiliki wake, duka linabaki na thamani ya 19.5 na mbia anapata theluthi, asilimia 33.3. Ikiwa pesa inaingia ndani ya duka, kulipa ule mkopo wa 3 na kununua mzigo wa 3.5, basi duka sasa lina thamani ya 19.5 + 6.5, yaani 26, na mbia anastahili:

```
6.5 / 26 = 25%
```

Akipewa theluthi hapo, mwenye duka amegawa bure zaidi ya asilimia 8 ya duka lake. Andikeni kwa maneno kwenye mkataba pesa inaenda kwenye akaunti gani na itafanya nini.

Kuna jambo la pili ambalo huvunja ubia hata pale asilimia ziliposahihishwa. Thamani ya 19.5 ilipatikana baada ya kutoa mshahara wa msimamizi wa milioni 8. Kwa hiyo mwenye duka anayeendelea kusimamia lazima alipwe hiyo 8 kila mwaka kabla ya faida kugawanywa. Tuseme duka linarudia mwaka wake wa mwisho. Mshahara ukitolewa kwanza, faida ni 9.6 na robo ya mbia ni 2.4. Usipotolewa, faida inaonekana 17.6 na mbia anachukua 4.4, ikiwemo 2 ambayo ni jasho la mwenzake. Mwaka wa kwanza mwenye duka atanyamaza kwa aibu, na mwaka wa pili ataanza kujichotea kwenye droo. Vivyo hivyo kwa pango: kama ndugu ataendelea kutoza 4.8, semeni wazi kwamba nafuu hiyo ni ya duka zima na inaweza kwisha.

Amueni siku hiyohiyo, mkiwa bado mnapendana, mbia akitaka kutoka atalipwaje. Isiandikwe kiasi, maana duka litabadilika. Iandikwe njia: wastani wa faida iliyosafishwa ya miaka mitatu kwa uzito wa 1, 2 na 3, mara 2.5, kutoa mikopo, kisha asilimia yake. Ikizidiwa na hesabu ya mali, itumike ya mali. Itajwe ni nani atahesabu mzigo, mshahara wa msimamizi utapandishwa vipi, na anayebaki atapewa miezi mingapi ya kulipa. Duka lenye droo ya milioni 1.4 haliwezi kutoa milioni 6.5 kwa wiki moja bila kuuza mzigo wake, kwa hiyo awamu za miezi 12 hadi 18 zinawafaa wote wawili.